Ekskaveta, bekoo, greda au rola? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutambua mitambo ya ujenzi kwenye picha

Majibu haya ni ya mtu aliyeshika picha ya saiti mkononi na anatakiwa kuandika jina sahihi la mtambo. Huenda ni karani anayejaza daftari la saa za mitambo, mwandishi wa gazeti anayetafuta maelezo ya picha, au mwenye kiwanja anayetaka kukodi mashine kama ile aliyotumiwa kwenye simu.

Kwa nini nisiandike tu "katapila"? Kila mtu ataelewa.

Ataelewa kwamba kuna mashine kubwa, basi. Katapila ni jina la kampuni, Caterpillar ya Marekani, nayo inatengeneza ekskaveta, bekoo, greda na rola, zote. Majina mengine ya mtaani nayo yanazunguka. Kenya, tingatinga huweza kuwa trekta au buldoza. Tanzania, utasikia "greda limebomoa nyumba" wakati lililobomoa ni buldoza au ekskaveta. "Kijiko" hutumika kwa bekoo na kwa ekskaveta bila kubagua.

Kasoro yake huonekana siku ya kazi. Bekoo ya kawaida huchimba kina cha kati ya mita 4 na mita 5 na nusu hivi, kutegemea kama mkono wake unarefuka. Ekskaveta ya tani 20 hupita mita 6. Ukiagiza "kijiko" kwa shimo la mita 6, ikaja bekoo, mkono utafika mwisho kabla shimo halijafika, na gharama ya kuisafirisha umeshalipa.

Nianze kutazama wapi?

Anza chini. Wengi huanza na rangi, kisha mkono, na vyote viwili hupotosha. Njano imetumiwa na Caterpillar, JCB, Komatsu na XCMG, na rangi ya chungwa ya Hitachi haikwambii kama mtambo unachimba au unashindilia. Mkono nao hubadilishwa kifaa chake: leo una baketi, kesho una nyundo ya kuvunjia mwamba.

Kinachobaki vilevile ni kile mtambo unachokanyagia. Jiulize kwanza: ni cheni, ni matairi, au kuna drami la chuma? Kisha jiulize chombo cha kazi kimekaa wapi: mbele, katikati, au nyuma. Kwa mitambo minne inayotajwa hapa, maswali hayo mawili hutosha mara nyingi. Drami maana yake rola. Bapa la chuma lililoning'inia katikati, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, ni greda. Baketi mbele na mkono nyuma ni bekoo. Mkono mmoja tu, juu ya cheni, ni ekskaveta.

Ni alama gani ya ekskaveta isiyodanganya?

Ekskaveta ina ghorofa mbili. Chini ni cheni, juu ni kibanda cha opareta, injini na mkono, na katikati kuna pete kubwa ya chuma inayoziunganisha. Ghorofa ya juu yote huzunguka duara zima juu ya pete hiyo. Kwa hiyo ukiona picha ambayo kibanda kinatazama upande mmoja na cheni zimelala kuelekea upande mwingine, umeshapata jibu. Bekoo, greda na rola haziwezi kukaa hivyo.

Kama vyote vimenyooka upande mmoja, tazama shina la mkono. Kwenye ekskaveta mkono huota mbele, ubavuni mwa kibanda, na kibanda huwa kushoto kwake ukihesabu kutoka kwenye kiti cha opareta. Nyuma kabisa kuna chuma kizito cha mviringo, kipana kama kisogo, kinachoizuia mashine isipinduke inapoinua mzigo. Mdomo wa baketi huelekea kwa opareta, kwa sababu huchimba kwa kuvuta udongo kuja kwake.

Jambo moja dogo linalosaidia sana: cheni zina mbele na nyuma yake. Upande mmoja kuna gurudumu lenye meno linaloikokota cheni, na upande wa pili kuna gurudumu laini lisilo na meno. Penye meno ndiyo nyuma ya mtambo. Karani anayeandika "ekskaveta inarudi nyuma" kwa kutazama kibanda peke yake anaweza kukosea, maana kibanda huenda kimegeuzwa nusu duara.

Iko pia ekskaveta ya matairi. Ghorofa zake ni zilezile na pete ni ileile, ila chini kuna matairi manne au zaidi. Hii ndiyo inayochanganywa na bekoo kuliko zote.

Bekoo na ekskaveta zote zina mkono wa kuchimba. Nitazitofautishaje?

Hesabu vyombo vya kazi. Bekoo ina viwili: baketi pana mbele, ya kuzoa na kusukuma, na mkono mwembamba nyuma, wa kuchimba. Kwa umbo ni kama trekta iliyofungwa chombo kila upande. JCB ya Uingereza ilianza kuuza yake mwaka 1953, na ndiyo maana watu wengi hadi leo huita bekoo yoyote "JCB", hata iliyotengenezwa na kampuni nyingine.

Sasa tazama mkono wenyewe. Wa bekoo umeungwa nyuma ya kibanda na hugeuka kushoto na kulia kwa nusu duara hivi, huku kibanda kimetulia. Anayegeuka ni opareta: huzungusha kiti chake na kuupa usukani mgongo. Ukiona kwenye picha opareta ametazama nyuma na usukani uko mgongoni pake, hiyo ni bekoo inayochimba.

Inapotembea, bekoo huukunja mkono wake wima nyuma ya kibanda, kama mkia wa nge. Ekskaveta haina mkia. Mkono wake huwa mbele hata ukikunjwa.

Tazama pia miguu. Bekoo ikichimba hushusha miguu miwili ya chuma kwa nyuma, na matairi ya nyuma huinuka kidogo au hubaki yakigusa ardhi bila kubeba uzito. Kwenye modeli nyingi za Ulaya miguu hiyo hushuka wima, na mkono umefungwa kwenye reli pana inayouwezesha kuhamishwa kushoto au kulia ili kuchimba kando ya ukuta. Kwenye modeli nyingi za Marekani mkono umefungwa katikati, na miguu hutanuka pembeni kama ya kaa. Zote ni bekoo. Ekskaveta ya cheni haina miguu hiyo. Ya matairi huweza kuwa nayo, kwa hiyo usiamue kwa miguu peke yake. Rudi kwenye pete na ghorofa mbili.

Picha imekata upande wa nyuma, naona baketi ya mbele tu. Ni bekoo au loda?

Tafuta injini iko wapi. Kwenye bekoo boneti iko mbele ya kibanda, kama trekta, na opareta hutazama baketi juu ya boneti hiyo. Kwenye loda, mashine ya kuzoa na kupakia isiyo na mkono nyuma, injini iko nyuma ya kibanda, na mbele ya kioo kuna mikono ya baketi tu.

Kipimo cha pili ni matairi. Bekoo nyingi zina matairi madogo mbele na makubwa nyuma. Loda ina manne yanayolingana. Lakini kuna bekoo zenye matairi manne sawa, JCB 4CX ikiwa mojawapo, kwa hiyo boneti ni ushahidi mzuri zaidi ya matairi. Loda pia hukata kona kwa kujikunja kiunoni: kati ya matairi ya mbele na ya nyuma kuna bawaba kubwa, na kwenye picha ya kona utaona nusu ya mbele imetazama kwingine. Bekoo ya kawaida haijikunji kiuno, hugeuza matairi.

Greda inatambulikaje, hasa kama bleidi imefichwa na vumbi au kifusi?

Bleidi ni lile bapa refu la chuma, kwa kawaida mita 3.7 hivi, nalo huning'inia chini ya tumbo kwenye duara la chuma linaloliwezesha kugeuzwa kwa pembe. Likionekana, swali limekwisha. Buldoza pia ina bleidi, lakini yake iko mbele kabisa na mashine hutembea kwa cheni.

Lisipoonekana, hesabu matairi kwa ubavu: moja peke yake mbele kabisa, kisha nafasi ndefu, kisha mawili yaliyofuatana karibu karibu nyuma. Jumla sita. Juu ya ile nafasi ndefu kuna mhimili wa chuma uliopinda kama mgongo wa paka, na kibanda kiko karibu na nyuma. Mitambo mingine mitatu haina umbo hilo refu na jembamba.

Kisha tazama matairi ya mbele yamesimamaje. Mara nyingi yameinama upande mmoja, yote mawili kwa pembe ileile. Wasioijua greda hudhani ekseli imevunjika, na tumeona picha zikiandikwa "greda bovu" kwa sababu hiyo. Ni mzima. Bleidi ikikaa mshazari, udongo unaosukumwa huipiga mashine ubavuni na kutaka kuitoa kwenye mstari. Opareta huinamisha matairi ili yaukabili msukumo huo. Mwinamo huo unaweza hata kukuambia mashine iko kazini, maana barabarani bila mzigo opareta huyasimamisha wima.

Ardhi nayo hutoa ushahidi. Greda ikipita huacha tuta dogo refu la udongo kando ya njia yake, limenyooka sambamba na barabara. Buldoza huacha rundo mbele yake.

Kuna mtego mmoja: meno ya kuchimbulia. Greda nyingi huwa na safu ya meno nyuma, au kati ya matairi ya mbele na bleidi, kwa ajili ya kuvunja ardhi ngumu kabla ya kuisawazisha. Mtu akipiga picha ya nyuma tu, meno yale humkumbusha buldoza. Hesabu matairi: buldoza ya kawaida haina hata moja.

Rola zote ni moja?

Hapana, na hapa ndipo daftari nyingi huandikwa "rola" bila zaidi, wakati kazi zake hazibadilishani kirahisi.

Inayoonekana zaidi kwenye saiti za barabara za udongo na moramu ina drami moja mbele, lenye upana wa mita 2.1 hivi kwa zile za tani 10 na kuendelea, na matairi mawili nyuma. Drami likiwa laini, ni la moramu, mchanga na kokoto. Likiwa na vinundu vya chuma, ambavyo wengi huviita kwato za kondoo, ni la udongo wa mfinyanzi: vinundu huzama na kukanda kutoka chini kuja juu. Angalia vizuri kabla ya kuandika, kwa sababu drami laini huweza kuvishwa ganda la vinundu linalofungwa kwa bolti. Kwenye picha ya karibu utaona mshono ambapo vipande vya ganda vinakutana.

Rola yenye drami mbili laini, mbele na nyuma, bila tairi, ni ya lami. Utaona matangi na mirija midogo ya kunyunyiza maji juu ya drami, ili lami ya moto isigande kwenye chuma. Drami lake likiwa linang'aa kwa maji huku barabara inafuka moshi, huhitaji ushahidi mwingine.

Ya tatu haina drami kabisa, na hukosewa mara nyingi. Ni rola ya matairi: safu ya matairi yasiyo na kashata, mara nyingi 7 au 9 kwa jumla, yamepangwa kiasi kwamba ya nyuma hupita kwenye mianya iliyoachwa na ya mbele. Hutumika sana juu ya lami baada ya drami kupita. Kashata ndiyo alama yake: mashine nyingine za saiti zina matairi yenye kashata nene za kushika udongo, ya rola hii ni laini kama mpira uliochongwa.

Namba zilizoandikwa ubavuni zinasaidia?

Zinasaidia sana zikisomeka, ila usidhani kila namba ni tani. Komatsu PC200 ni ekskaveta ya tani 20 hivi, na PC ni herufi za ekskaveta zao. Caterpillar huanza na 3 kwa ekskaveta, kama 320, huanza na 4 kwa bekoo, kama 416 na 428, huandika 140 kwa greda maarufu, na D6 au D8 kwa buldoza. Rola zao za udongo huanza na CS kama drami ni laini, na CP kama lina vinundu. XCMG GR215 ni greda, lakini 215 hapo ni nguvu za farasi. Anayesoma GR215 kama tani 21 ameandika uongo bila kujua.

Kenya, sahani ya namba inayoanza na KHM hukuambia ni mtambo mzito uliosajiliwa. Aina yake haikuambii.

Tupeni mfano wa picha moja iliyosomwa mwanzo hadi mwisho.

Chukua picha ya barabara ya udongo mwekundu, saa za jioni, jua limeshuka kulia. Kuna mitambo mitatu ya njano na tipa moja.

Wa kushoto unaonekana ubavu. Nusu ya chini ya tumbo lake imezibwa na rundo la moramu. Tunahesabu matairi: moja mbele, mawili nyuma, nafasi ndefu katikati. Tairi la mbele limeinama. Nyuma ya mashine kuna tuta jembamba lililonyooka hadi mbali. Tunaandika greda, na tunaongeza kwamba iko kazini, ingawa bleidi hatujaiona.

Wa katikati umetupa mgongo. Tunaona matairi mawili makubwa na boneti pana kati yake, na mwandishi wa haraka angeandika trekta au loda. Lakini jua la kulia limetupa kivuli chake kushoto, na kwenye kivuli, mbele ya tairi, kuna duara zima kubwa lililofungwa ndani ya fremu. Trekta ingekuwa na tairi dogo hapo, loda ingekuwa na tairi lisilo na fremu, kisha baketi. Hilo ni drami. Je, lina vinundu? Tunatazama njia lililokwishapita: ni laini, haina vishimo vilivyojipanga kama sega la nyuki. Tunaandika rola ya drami moja, laini.

Wa tatu uko nyuma ya lundo, na kinachoonekana ni mkono uliopinda juu ya tipa. Kupakia tipa si ushahidi, maana bekoo nayo hupakia. Tunafuata mkono hadi unapozama nyuma ya lundo: kando yake kuna ukingo wa kioo cha kibanda, na kioo kinatazama kulekule mkono ulikoelekea. Upande wa pili, nyuma ya kibanda, kunatokeza mgongo wa mviringo wa chuma. Kwenye bekoo, nyuma ya kibanda ndiko mkono ungeota, na upande wa pili kungekuwa na boneti inayoteremka. Tunaandika ekskaveta. Ya cheni au ya matairi? Chini hapaonekani, kwa hiyo tunaandika hivyohivyo: "ekskaveta, chini haionekani." Karani atakayejaza "ya cheni" kwa mazoea ameongeza kitu ambacho picha haikusema.

Kama kungekuwa na picha ya pili iliyopigwa sekunde chache baadaye, kazi ingekuwa nyepesi. Mkono ukihama pamoja na kibanda ni ekskaveta. Mkono ukihama na kibanda kikabaki ni bekoo.

Nikitaka kutumiwa picha isiyo na utata, niombe ipigwe vipi?

Omba ipigwe kutoka kwenye kona ya mbele ya mtambo, ili mbele na ubavu vionekane kwa pamoja, umbali wa hatua 15 hadi 20, na chini kabisa ya matairi au cheni pawe ndani ya fremu. Picha ya mbele kabisa huficha kama kuna mkono nyuma, na picha ya kukaribia sana hukata miguu. Ongeza ya pili kutoka kona ya nyuma, kinyume na ile ya kwanza, na ya tatu ya bati dogo lenye modeli na namba ya mtambo, ambalo kwa kawaida limebandikwa kwenye fremu au karibu na mlango wa kibanda. Mpigaji asisogelee mtambo unaofanya kazi: amsubiri opareta amwone, ashushe baketi au bleidi chini na kuzima, ndipo akapige picha ya bati.

Mtu akisimama kando ya tairi huku mtambo umezimwa, utapata na kipimo. Tairi la nyuma la bekoo au la greda humfikia mtu mzima kifuani hivi. Likimfikia kiunoni, au cheni ikimfikia gotini, unatazama mashine ndogo ya aina ileile, na ekskaveta ndogo za namna hiyo nyingi huwa na kibleidi mbele ya cheni kinachowafanya watu waandike buldoza. Mkono na kibanda kinachozunguka vikiwepo, bado ni ekskaveta.